Masikio yametangulia, vidole vimebaki nyuma: kwanini kijana anaichoka piano aliyokuwa anaipenda

Mzazi akinipigia simu akaanza na "mwalimu, huyu mtoto sijui amepatwa na nini", huwa nakisia mapema kwamba tunamuongelea mtoto wa miaka 13 au 14. Miaka yote alikuwa anaikimbilia piano, akija mgeni nyumbani lazima ampigie, na sasa hivi mpaka asukumwe, na akikaa ni dakika kumi tu ameshanyanyuka. Mzazi anaona uvivu, au simu, au marafiki. Mimi nafundisha piano, na kwa niliyoyaona kwa miaka mingi simu inachangia kweli lakini mara nyingi sio mzizi wa tatizo, maana simu inaingia pale ambapo pana nafasi tayari. Nataka nieleze kitu kimoja ambacho nakiona kwa vijana wengi, halafu nioneshe kwa mwanafunzi mmoja jinsi mimi na mama yake tulivyohangaika nacho, pamoja na pale tulipokosea.

Kitu chenyewe ni hiki: kwenye umri huo masikio yanakua haraka kuliko vidole. Mtoto wa miaka 8 akipiga wimbo mfupi huku anasita kila baada ya noti tatu, yeye hasikii kusita, anasikia wimbo, kwa sababu wimbo uko kichwani mwake na vidole vinaufuatafuata tu. Ndio maana anafurahi hata kama sisi tuliokaa pembeni tunasikia vipande vipande. Akifika miaka 13 kashasikiliza muziki masaa mengi sana, ana hedifoni masikioni muda wote, anajua besi imekaa wapi, anajua mwimbaji anavyochelewa kidogo makusudi kabla ya kuingia kwenye kiitikio. Sasa anakaa kwenye piano na kwa mara ya kwanza maishani anajisikia kama vile mtu mwingine angemsikia. Na anachokisikia kinamuumiza. Hajashuka kiwango, anapiga vizuri kuliko mwaka jana, ila kile anachokisikia kichwani kimepanda ngazi tano wakati vidole vimepanda moja.

Kwahiyo kila akikaa kufanya mazoezi ni nusu saa ya kujisikia mbovu. Hebu fikiria wewe mtu mzima, kila siku jioni, nusu saa nzima ya kusikia ushahidi kwamba hujui, tena mbele ya watu wa nyumbani kwako. Utaacha tu. Utasema umechoka, utasema una kazi nyingi za shule, na hutakuwa unadanganya, kwasababu kweli unajisikia umechoka ukiitazama ile piano.

Kabla sijaendelea niseme hili haraka. Kuna vijana wanaopoteza hamu kwa sababu zingine kabisa, na usije ukawabebesha dawa ya huyu. Kama mtoto ameacha na mpira, ameacha na marafiki, hali vizuri, halali vizuri, basi hapo tatizo sio piano, mpeleke akaonane na daktari au mtaalamu wa ushauri. Kama analalamika kifundo cha mkono kinauma, au anapiga tarumbeta na amewekewa nyaya za meno juzi juzi, mwili ndio unaokataa, malizana na hilo kwanza. Na wapo ambao kweli piano haikuwa yao tangu mwanzo, ilikuwa ya baba. Njia yangu ya kutofautisha ni rahisi sana, namuuliza mzazi: bado anaimba bafuni? bado anagongagonga mdundo mezani? akiwa peke yake nyumbani na hajui kama kuna mtu, huwa anajaribu jaribu wimbo wa redioni kwa kidole kimoja? Kama jibu ni ndiyo, muziki uko hai ndani yake, kilichokufa ni mazoezi.

Sasa nimlete mwanafunzi mwenyewe. Binti wa miaka 14, ameanza na mimi akiwa na 8. Alifaulu mtihani wa gredi ya 4 vizuri tu, halafu tukaruka moja kwa moja kwenda gredi ya 6. Kwenye mifumo hii ya mitihani gredi ziko 8, na kuruka moja inaruhusiwa, ila mimi niliruhusu kwasababu mbaya: wenzake wawili walikuwa wanaenda ya 6 na mama yake aliuliza kwanini yeye asiende. Mwanzoni alifurahi. Miezi saba baadaye alikuwa bado na vipande vilevile vitatu, kikubwa kikiwa sonatina moja, yaani kipande kifupi cha piano cha kiklasiki, chenye kurasa tatu, na alikuwa anakuja darasani kama mtu anayekuja kung'olewa jino.

Nikamuomba kitu kimoja. Weka simu juu ya piano, rekodi mazoezi yako ya siku moja, usijaribu kupendeza, rekodi kama kawaida yako kisha uniletee. Akaleta dakika 30. Nilikaa nayo usiku na karatasi na kalamu nikawa nahesabu, na nakwambia ile karatasi ilinifundisha kuliko miaka sita ya kumsikiliza darasani.

Alianza sonatina kutoka juu mara 11. Kila mara anaenda vizuri mpaka baa ya 17, yaani kisehemu cha 17 kati ya vile vinavyotenganishwa na mistari kwenye karatasi ya noti, pale mkono wa kushoto unapoanza kuruka kwenda mbali na kulia kuna vinoti vya mbio, anajikwaa, anajaribu tena papohapo mara moja, anakwama, anarudi mwanzo kabisa. Alikuwa anapiga kama biti 60 kwa dakika, yaani biti moja kila sekunde, na wimbo una biti nne kwa kila baa. Kwahiyo zile baa 16 za mwanzo ni sekunde 64, ukizidisha kwa 11 unapata kama dakika 12. Baa ngumu ni nne, ya 17 mpaka ya 20, ni sekunde 16, mara 11, kama dakika 3. Muda uliobaki alimaliza wimbo mara mbili kwa kulipualipua, akapiga skeli moja, yale mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio, na dakika kadhaa amekaa tu kimya, unasikia tu anahema.

Dakika 12 kwenye kitu anachokijua tayari, dakika 3 kwenye tatizo lenyewe. Na hizo 3 zote alikuwa anakosea, tena kosa lilelile, kidole cha nne kinaingia pale pa kidole cha tatu. Vidole havijui kama hili ni kosa au sio kosa, vyenyewe vinajifunza kile ulichovirudishia. Kwahiyo kila jioni binti wa watu alikuwa anajifunza kukosea baa ya 17, kwa bidii, mara 11, halafu kesho yake anashangaa kwanini haibadiliki. Hapo ukimwambia "ongeza bidii" unamwambia akajifunze kosa mara 22.

Na hii sio yeye peke yake. Watafiti walioenda kurekodi watoto wakifanya mazoezi majumbani, kina Gary McPherson na James Renwick kule Australia, walikuta sehemu kubwa mno ya muda inaenda kwenye kupiga kipande kutoka juu mpaka chini bila mbinu yoyote ya kurekebisha. Mtoto anaambiwa "kafanye mazoezi" lakini hakuna aliyewahi kumuonesha mazoezi yanafanywaje. Mimi mwenyewe nilikuwa namwambia "hapa pana tatizo, kapashughulikie", nazungushia penseli, basi. Kupashughulikia vipi, sikusema.

Kuna kingine nilikisikia kwenye ile rekodi ambacho sikukitegemea. Kwenye kama dakika ya tisa hivi, akiwa amejikwaa, inasikika sauti ya mama yake kutoka chumba kingine: "Hapo bado!" Kwa upole kabisa, hana ubaya. Na kuanzia hapo binti hakuijaribu tena baa ya 17 kwa kuirudia polepole, akawa anaipita mbio ili iishe. Nikaelewa. Mazoezi ya kweli yanasikika vibaya. Mtu anayerekebisha baa nne anarudia kitu kilekile polepole, kimevunjika, kinachosha masikio ya kila mtu nyumbani. Mtoto wa miaka 8 hajali, wa miaka 14 anajali kuliko kitu chochote duniani. Akijua anasikilizwa anaacha kufanya mazoezi na anaanza kufanya onesho, anapiga zile sehemu zinazopendeza, na sehemu inayohitaji kazi anaikimbia. Kwahiyo mama alivyozidi kusikiliza ndivyo mazoezi yalivyozidi kuwa ya bure.

Nikamwita mama, tukakaa watu watatu. Nilianza mimi kwa kukiri kuwa gredi ya 6 nilikosea, ilikuwa mapema. Mama alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Sasa mwalimu, tukimshusha si ndio atakata tamaa kabisa?" Kabla sijajibu binti akasema, "Mama, mi nishakata tamaa zamani." Alisema bila hasira yoyote, kama mtu anayetaja saa. Nadhani hilo ndilo lililomgusa mama kuliko maelezo yangu yote.

Tukakubaliana mambo machache. Mtihani unaahirishwa. Sonatina inawekwa kabatini kwa wiki sita, nayo ni marufuku kuigusa. Na baada ya wiki 10 tunakaa tena sisi watatu, na kama binti atasema anataka kuacha, anaacha, hakuna maneno, hakuna "tumepoteza hela zote hizi". Mama hilo la mwisho alilimeza kwa shida. Lakini ni lazima liwe la kweli, maana kijana akijua kwamba mlango umefungwa, nguvu zake zote anazimalizia kwenye kuusukuma mlango. Akijua unafunguka anaweza kutulia akatazama chumba kina nini. Ila angalia, tarehe iwe ya mbali kidogo na isiwe karibu na mtihani au onesho, kwasababu uamuzi wa kuacha unaofanywa siku mbaya sio uamuzi.

Mama akauliza swali ambalo wazazi wengi huuliza: je nimuahidi zawadi, kila akimaliza dakika 30 nimpe kitu? Nikamwambia hapana, na sababu yake sio kwamba zawadi ni dhambi. Kuna jaribio moja maarufu la 1973, la Mark Lepper na wenzake, walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja likaahidiwa cheti likichora, kundi la pili likapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu halikupewa kitu. Wiki moja mbili baadaye wakawaangalia watoto wakiwa huru kucheza watakacho: wale walioahidiwa cheti walikuwa wanazichukua zile kalamu kwa muda kama nusu tu ya wenzao. Waliopewa bila kuahidiwa hawakupoteza chochote. Kwahiyo kumshtukiza mtoto siku moja kwa sababu umefurahi ni sawa kabisa, ila mkataba wa dakika kwa malipo unamfundisha kwamba piano ni kazi ya kulipwa, na kazi ya kulipwa ikikosa malipo mtu haendi. (Kwa mtu ambaye hana hamu hata chembe zawadi inaweza kumfikisha kwenye kiti. Shida ni kwa yule ambaye bado ana hamu imejificha, na wengi wako hapo.)

Baada ya hapo nikamuuliza binti unataka kupiga nini. Hili swali ni zito kuliko linavyoonekana. Kwenye zile rekodi za Australia kuna msichana mmoja wa klarineti aliyeandikiwa ripoti yake peke yake mwaka 2002. Nyimbo alizopangiwa na mwalimu alizipita juu juu tu. Wimbo aliouomba mwenyewe alitumia muda takriban mara kumi zaidi kwa kila noti, akawa anaimba kimoyomoyo, anabonyeza vidole bila kupuliza, anarudi kurekebisha makosa bila kuambiwa na mtu. Mtoto yuleyule, klarineti ileile. Mbinu za mazoezi alikuwa nazo siku zote, hakuwa na sababu ya kuzitumia.

Ila hapa walimu huwa tunakosea kwa upande wa pili. Unamwambia mtoto chagua wimbo, anachagua wimbo anaousikia kwenye hedifoni, unamtafutia noti zake, na noti zenyewe zimeandikwa ngumu kuliko sonatina. Wiki mbili baadaye amekwama na huo pia, na sasa hana hata pa kukimbilia, maana huu alichagua mwenyewe. Masikio na vidole vimezidi kuachana. Kwahiyo kanuni yangu ni kwamba wimbo wa kwanza wa kumrudisha lazima uweze kupigwa wote, mwanzo mpaka mwisho, ndani ya wiki moja, mbili zikizidi sana.

Binti alileta wimbo wa mapenzi wa taratibu, uko kwenye ufunguo wa B wenye shapu tano, mkono wa kushoto una mambo mengi. Hatukutafuta karatasi. Tuliufanya kwa masikio, na hapa ndipo yale masikio yaliyokuwa yanamtesa yakageuka kuwa msaada. Kwanza imba. Aliona aibu nikaanza mimi na sauti yangu ya kukwaruza akafuata. Pili tukauhamishia kwenye C ili vidole vikae kwenye funguo nyeupe. Tatu, tafuta noti ya kwanza ya mwimbaji kwa kidole kimoja, halafu ya pili, baada ya dakika kumi hivi alikuwa na sauti yote ya ubeti kwenye mkono wa kulia. Nne, sikiliza besi peke yake, noti ya chini kabisa inabadilika wapi. Akakuta inabadilika kila baada ya baa moja na zinazunguka nne tu: C, G, Am, F. Akanitazama akasema, "Mwalimu, hizi si ndo zilezile za ule wimbo mwingine?" Ndiyo, hizo kodi nne, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, zimebeba nyimbo nyingi mno za redioni. Nilishamfundisha nadharia yake miaka miwili nyuma kwenye daftari, alipata alama nzuri tu, lakini ilikuwa ya daftarini.

Mkono wa kushoto tukauanza kwa noti moja ndefu kwa kila baa, basi. Baa 16, mkono wa kulia unaimba, kushoto kuna noti moja. Siku ileile aliupiga wote. Ni rahisi, ndiyo, ni kiwango cha gredi ya 2 labda, lakini ulisikika kama wimbo, haukusita, na masikio yake yalikubali. Wiki iliyofuata kushoto tukaongeza noti ya tano juu ya ile ya besi, kama C na G, wiki ya tatu tukaivunja kodi noti moja moja iwe inatembea. Kila wiki wimbo ni uleule umevaa nguo mpya, na kila wiki umekamilika. Ugumu unapanda hatua ndogo kiasi kwamba masikio yanakuta vidole viko karibu.

Kwenye wiki ya tatu ndipo nikaingiza mazoezi yenyewe, maana ile kodi iliyovunjwa ilimsumbua kwenye kuhama kutoka G kwenda Am. Safari hii sikusema kapashughulikie. Tulifanya pamoja, darasani, mimi nimekaa pembeni. Chukua baa mbili tu, ile yenye tatizo na iliyo kabla yake. Kwanza amua vidole na uviandike kwa penseli, kwasababu huwezi kurudia kitu ambacho kila mara unakifanya tofauti. Metronomu, kile kifaa cha kugonga biti, weka 40, polepole mpaka inachekesha. Ukiipiga sawa mara tatu mfululizo panda mpaka 44, tena tatu, 48. Ukikosea mara mbili kwenye spidi moja usilazimishe, shuka 8 chini. Ukifika spidi ya wimbo ongeza baa moja ya mbele na moja ya nyuma. Dakika kumi zikiisha acha, hata kama haijakaa, kesho utakuta imekaa kidogo, maana usingizi nao unafanya kazi yake hapo.

Namna ya kujua kama mwanafunzi anafanya mazoezi ya kweli nyumbani ni rahisi, muulize: "wiki hii ulikuwa unaanzia wapi?" Akisema "mwanzo", bado. Akisema "baa ya tisa, ile ya kuhama", ameelewa.

Kwa upande wa nyumbani mama alikuwa na kazi ngumu kuliko yangu, kwasababu yangu ilikuwa kufanya na yake ilikuwa kuacha. Piano yao iko sebuleni, ni ya umeme, kwahiyo tukapata hedifoni na binti akapewa ruhusa ya kuzitumia muda wote anaotaka. Kama piano yenu sio ya umeme basi ule muda watu wahame chumba, mlango ufungwe, na kusiwe na mtu wa kupiga kelele "hapo bado". Muda nao tukamwachia achague. Mama alikuwa anataka asubuhi kabla ya shule, lakini kwenye umri huu saa ya mwili inasogea mbele, kijana usingizi unamjia usiku sana na asubuhi vidole bado vimelala, yeye akachagua saa mbili usiku, dakika 20. Ikawa hivyo. Zile 30 tulizipunguza makusudi, maana 20 zenye kazi ni nyingi kuliko 30 za kuzunguka.

Na lile swali la kila jioni, "umefanya mazoezi?", likafutwa kabisa. Sababu ni kwamba jibu lake ni ndiyo au hapana, na vyote viwili vinamfanya mzazi kuwa askari. Badala yake mara moja kwa wiki mama anasema nipigie kile cha wiki hii, anakaa, anazima simu, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anauliza kitu kimoja cha kweli anachotaka kujua. Mara ya kwanza mama aliuliza, "Hapo katikati kulibadilika, ulifanyaje?" Binti akaanza kumuelezea kuhusu kodi iliyovunjwa, na kuelezea kukawa darasa la mama, dakika 15, wamekaa wote kwenye kile kiti. Mama ndiye aliyenisimulia, na sauti yake kwenye simu ilikuwa tofauti.

Wiki ya tano hivi tukaongeza watu. Piano ina upweke wake, mpiga ngoma ana wenzake, mwanakwaya ana wenzake, mtoto wa piano anakaa na ukuta, na huo ndio umri ambao marafiki ni kila kitu. Binti ana rafiki wawili wanaoimba. Nikamwambia waite, wewe wapigie ule wimbo. Walikuja mara ya kwanza wakavurugana, kwasababu yeye akikosea alikuwa anasimama kurekebisha na waimbaji wameshaenda mbele. Hapo akajifunza kitu ambacho nilikuwa nimekisema miaka na hakikuingia: kwenye mazoezi unasimama, kwenye kupiga husimami, ukiangusha noti mkono wa kulia shikilia besi, uende. Rafiki yake mmoja alimwambia "wee usiache tu hiyo ya chini, sisi tutajipata". Sijawahi kueleza usindikizaji vizuri hivyo.

Sio kila kitu kilinyooka. Wiki ya nne alikaa siku tano bila kugusa piano, mama akanitumia ujumbe mrefu wa wasiwasi, nikamuomba asiseme kitu, na nakiri mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Siku ya sita alirudi mwenyewe. Ingeweza kuwa vinginevyo. Nimewahi kuwa na kijana ambaye tulifanya hivihivi na baada ya wiki 10 akasema asante mwalimu, nataka gitaa, na akaenda kwenye gitaa, na yale masikio na zile kodi nne akaenda nazo. Mwingine aliacha kabisa, na mama yake naye nilimwambia tusimlazimishe.

Binti tulikaa naye wiki ya 10 kama tulivyokubaliana. Mama alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. Nikamuuliza unaendelea au unaacha, akasema anaendelea ila mtihani asifanye mwaka huu, na akifanya iwe gredi ya 5. Mama akasema sawa. Nilijua imemuuma kidogo, lakini alisema sawa bila kuongeza neno.

Sonatina tuliitoa kabatini wiki ya 12, yeye ndiye aliyeikumbuka. Hakuanzia juu. Alifungua ukurasa wa pili, akaweka metronomu 40, akapiga baa ya 17 na ya 18, akafuta namba zangu za vidole na kuandika zake, kwasababu zangu, na hapa alikuwa sahihi, zilikuwa za mkono mkubwa kuliko wake. Baa zile nne zilichukua siku tisa. Halafu akazifanya baa nne za mwisho kabisa za kipande, kisha nne zilizo kabla ya hizo, anarudi kinyumenyume, ili kila akipiga awe anaelekea sehemu anayoijua badala ya kuelekea sehemu inayomtisha.

Kila mwisho wa wiki anajirekodi mara moja, na anailinganisha na ya wiki iliyopita, hailinganishi na ya mtu wa kwenye mtandao. Tulikubaliana hivyo kwasababu ukijilinganisha na bingwa pengo halipungui kamwe, ukijilinganisha na Jumapili iliyopita unalisikia linapungua. Ana rekodi kama ishirini sasa kwenye simu. Juzi alinisikilizisha ya kwanza, ile ya noti moja ndefu kila baa, akasema "ila mwalimu hii ilikuwa nzuri pia".

Skeli bado hazipendi. Siku hizi simpangii tano kama zamani, tunapiga moja tu, ile ya ufunguo wa wimbo alio nao wiki hiyo, dakika mbili, halafu tunaendelea.